Mgongoni mwa Kadi

Kadi ya neno fementesheni nimeiandika mara nne. Ni kipande cha manila cha sentimita 7.4 kwa 10.5, yaani karatasi ya A4 iliyokatwa vipande vinane. Usoni pana neno moja la Kiingereza kwa herufi kubwa, mgongoni pana Kiswahili, basi. Ukiishika mkononi utadhani ni kazi ya dakika mbili. Mimi pia nilidhani hivyo.

Nafundisha biolojia, na fizikia pale mwenye somo anapokosekana, katika shule moja isiyo mbali na soko la Sosiot. Wakipsigis ndio wengi darasani, lakini wapo Waluo wa upande wa Sondu, wapo Wakisii, na wapo Waluhya ambao babu zao walikuja Kericho kuchuma chai kwenye mashamba makubwa wakazalia huku. Nyumbani kila mmoja ana lugha yake. Tangu darasa la nne masomo yao yako kwa Kiingereza, na mtihani pia. Kengele ya mapumziko ikilia utawasikia wakigombania foleni ya chai kwa Kiswahili. Hapo ndipo penye ujanja wote wa kazi hii: kuichukua ile lugha ya foleni na kuiingiza kwenye sayansi bila kuichosha.

Maneno ya Kiingereza nitayaandika hapa jinsi yanavyosikika darasani kwetu. Kwenye kadi yenyewe yako kwa tahajia yake kamili, maana msahihishaji wa mtihani hamsamehi mtoto herufi.

Kadi yangu ya kwanza ya fementesheni ilikuwa na neno moja mgongoni: kuchacha. Nililitoa kichwani, nikaridhika, nikaenda kwenye kadi nyingine. Nilikuwa na haraka ya kumaliza maneno arobaini kabla ya muhula kufunguliwa, na niliona fahari kuyapanga mezani kama karata. Wiki ya pili nikauliza darasani mfano wa fementesheni. Kijana wa nyuma akajibu bila wasiwasi: “Githeri ya jana, mwalimu.” Darasa likacheka, ila hakuwa anatania. Chakula kilichochacha ni chakula kilichoharibika, cha kumwagiwa mbwa. Kadi ilimwambia kuchacha, naye akachacha nayo hadi kwenye sufuria ya jana. Kosa lilikuwa langu.

Kosa hilo lina chanzo chake. Mtu anayetengeneza kadi za lugha mbili huanza akiamini kwamba kazi yake ni kutafuta neno la Kiswahili linalolingana na la Kiingereza. Kazi hiyo ipo, ni ya heshima, na ina watu wake. Kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili. Tanzania ikapata BAKITA mwaka 1967. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kitabu ambacho mwalimu yeyote wa sayansi anayependa Kiswahili angefurahi kuwa nacho kabatini. Ukitaka jina la kitu, liko humo. Lakini jina si maelezo. Mtoto wa Sosiot asiyelijua neno la Kiingereza la mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, ukimwambia ni usanisinuru, sasa ana maneno mawili asiyoyajua badala ya moja. Nuru anaijua kanisani. Sanisi hajawahi kukutana nayo popote.

Kwa jirani zetu wa Tanzania mambo ni tofauti kidogo. Mtoto wa huko husoma sayansi kwa Kiswahili shule nzima ya msingi, kisha kidato cha kwanza anahamishiwa Kiingereza kwa ghafla. Kwake istilahi ya Kiswahili inaamsha kitu alichokwisha kufundishwa. Ndiyo maana miaka ya 2010 watu wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wenzao wa Bristol walipoandika vitabu vya majaribio vya kidato cha kwanza, waliweka orodha za maneno ya lugha mbili, na zikawa na mahali pa kushikia. Huku Kericho sayansi haifundishwi kwa Kiswahili. Istilahi haina inachoamsha. Kwa hiyo mgongoni mwa kadi ya Sosiot hapatoshi jina. Panahitaji sentensi.

Kadi ya pili ya fementesheni ikawa na sentensi. Niliandika: “Vijidudu wanabadilisha sukari kuwa asidi au pombe. Mfano: mursik.” Niliipenda. Kwa mtoto wa Kikipsigis mursik haihitaji utangulizi. Ameona maziwa yakichemshwa na kuachwa yapoe, kibuyu kikipakwa ndani makaa ya senetwet, maziwa yakimiminwa humo na kufunikwa siku kadhaa. Na ule ufito wa mkindu wa kusugulia ndani ya kibuyu kabla ya kupaka makaa unaitwa sosiot, jina lile lile la mji wetu. Nilijiona nimefika nyumbani kabisa. Neno la kitabu cha Kiingereza limeingia ndani ya kibuyu cha bibi, nani atalisahau?

Lilisahauliwa na meza mbili za dirishani. Huko wanakaa wale ambao kwao hakuna mursik. Msichana mmoja Mluhya aliniambia kwa adabu kwamba amewahi kuionja mara moja kwenye harusi na hakujua kama imetengenezwa au imeharibika. Kwao mfano ulio karibu ni busaa. Nikafikiria kuiandika busaa kwenye kadi, kisha nikamfikiria naibu mwalimu mkuu akiikuta kadi hiyo mfukoni mwa mwanafunzi, nikaacha. Tukakubaliana juu ya hamira. Unga wa maandazi umeumuka katika kila nyumba ya darasa lile, kuanzia Sondu hadi Litein. Hamira inakula sukari iliyomo kwenye unga na kutoa gesi, na gesi ndiyo inayoinua donge. Kwa hiyo kwenye kadi ya tatu mifano ikawa miwili, mmoja wa asidi na mmoja wa gesi, na hapo nikagundua jambo ambalo sasa nalishika kama kanuni: mfano mmoja kwenye kadi hugeuka kuwa maana. Mtoto aliyepewa mursik peke yake ataamini fementesheni ni jambo la maziwa. Mifano miwili isiyofanana inamlazimisha kutafuta kinachoiunganisha, na hicho kinachoiunganisha ndicho neno lenyewe.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe bado kulikuwa na chai.

Katika jaribio la katikati ya muhula niliuliza wataje mahali ambapo fementesheni hutumika viwandani. Nusu ya darasa iliandika kiwanda cha chai. Huwezi kuwalaumu. Wazazi wao wanauza majani mabichi kwenye vituo vya kununulia, baadhi wana kaka na baba kiwandani, na kiwandani kuna sehemu inayoitwa kwa jina hilo hilo, fementesheni, na imeandikwa hata ukutani. Wengine wakaongeza kwamba bakteria ndio wanaoigeuza chai kuwa nyeusi. Niliwapa alama. Nakiri hapa: niliwapa alama, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kulifikiria jambo hilo hadi mwisho.

Aliyenisahihisha ni mzazi, fundi wa kiwandani, aliyekuja siku ya wazazi na karatasi ya binti yake mkononi. Hakuwa na hasira. Alivuta kiti, akakaa, akasema, “Mwalimu, hao bakteria nyinyi mnawaweka wapi? Sisi tukiwapata kwenye laini tunasimamisha mashine tuoshe.” Kisha akanieleza kazi yake, polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

Jani linachumwa, majani mawili na chipukizi. Likifika kiwandani linatandazwa kwenye vitanda virefu vyenye feni chini, linanyauka kwa saa nyingi, usiku mzima mara nyingi, hadi linalegea kama kitambaa. Kisha linapita katikati ya roli zenye meno zinazolikata, kulichana na kulikunja. Roli hizo ndizo zinazofanya kazi yote ya siri, kwa sababu zinapasua seli. Ndani ya seli ya jani zima, kile kinachoitwa polifenoli kimetengwa na kimeng'enya chake. Seli ikipasuka vinakutana, na hewa ikipulizwa, oksijeni inaingia kati yao. Jani linaanza kubadilika mbele ya macho yako, kutoka kijani hadi rangi ya shaba, na harufu inahama kutoka ile ya majani ya shambani hadi ile ya kikombe. Linaachwa saa moja, saa mbili hivi, mafundi wakilitazama na kulinusa. Kisha linaingia kwenye kikausho. Joto la huko linakiua kimeng'enya, na mabadiliko yanasimama hapo hapo yalipofika. Hakuna bakteria, hakuna hamira, hakuna sukari inayoliwa. Mkemia ataliita jambo hilo uoksidishaji. Viwanda vimebaki na jina la zamani, la enzi ambayo watu waliona jani likibadilika rangi na harufu wakadhani ni ndugu wa pombe.

Wenye kupenda maneno wataona uzuri wa ajali hii. Fementesheni ya biolojia huendelea pasipo oksijeni. Fementesheni ya chai haiendi bila oksijeni. Neno moja, barabara moja kutoka shuleni hadi kiwandani, na maana mbili zinazopeana mgongo. Katika kitabu cha kiada hakuna onyo lolote juu ya hilo, kwa sababu kitabu kiliandikwa kwa watoto wote wa Kenya, na mtoto wa Malindi au wa Garissa hana kiwanda cha chai cha kumpotosha. Onyo hilo linaweza kuandikwa tu na mtu anayetengeneza kadi akiwa Sosiot.

Kadi ya nne, ndiyo ninayoitumia sasa, inasomeka hivi mgongoni:

“Vijidudu (bakteria au hamira) wanakula sukari pasipo oksijeni. Wanaacha asidi, au pombe na gesi.
Kama: mursik. Unga wa maandazi unaoumuka.
Si kama: chai kiwandani. Hapo hakuna vijidudu, na hewa inatakiwa.”

Hiyo sehemu ya tatu, “si kama”, ndiyo iliyobadilisha namna ninavyotengeneza kadi zote. Kabla yake nilikuwa nikieleza neno linafika wapi. Sasa naeleza pia linakomea wapi. Na si kila neno linahitaji ukuta huo. Neno kama stomata halina jirani wa kumchanganya mtu, unaliandikia “vitundu vidogo chini ya jani vya kuingizia na kutolea hewa na mvuke” na safari inaisha. Ukuta unahitajika pale ambapo mtoto tayari ana neno hilo mfukoni likiwa na maana nyingine, na hatari zaidi ni pale neno hilo linapokuwa la Kiswahili.

Chukua kazi. Kitabu cha fizikia kina neno la Kiingereza linalosikika kama wek, na Kiswahili chake sanifu ni kazi. Hakuna neno rahisi kuliko hilo. Nililiandika mgongoni, nikaweka na fomula:

```
W = F × d
```

Kisha nikatoa swali. Mama amebeba kikapu cha majani chai cha kilo 12 mgongoni, anatembea mita 200 kwenye njia tambarare hadi kituoni. Nguvu inayokiinua kikapu imefanya kazi kiasi gani? Jibu la fizikia ni sufuri. Nguvu inaelekea juu, mwendo unaelekea mbele, na katika ile d kinachohesabiwa ni umbali wa kuelekea upande wa nguvu tu. Darasa lilinyamaza. Halafu msichana mmoja wa mbele akauliza, na sauti yake haikuwa ya mzaha: “Kwa hiyo mama yangu hafanyi kazi?”

Nilijaribu kucheka. Haikufaa. Kazi kwa Kiswahili ina jasho ndani yake, ina mshahara, ina heshima, mtu akikuuliza “za kazi” anakutakia mema. Kulitumia neno hilo kisha kusema ni sufuri ni kumtukana mama wa mtu mbele ya darasa. Na Kiingereza hakina nafuu, neno lao lina jasho lile lile. Lakini mtoto anayelisoma kwa Kiingereza hahisi tusi, kwa sababu kwake ni neno la kitabu tu. Hapa ndipo Kiswahili kinapofanya sayansi iume, na mimi naona ni jambo jema kuuma kidogo, mradi kadi iwe na dawa.

Tulikaa na kadi hiyo kipindi kizima. Tulianza na kukiinua kikapu kutoka chini hadi mgongoni. Kilo 12, tukichukua 10 kwa kila kilo kama wanavyoruhusu kwenye mtihani, ni nguvu ya nyutoni 120. Kimo cha mgongo wa mama ni mita 1.2 hivi. Kazi ni jouli 144. Hiyo anaifanya, na fizikia inaiona. Kisha nikawauliza ni nani kati yao anajua njia tambarare ya kwenda kituoni huku kwetu. Wakacheka, maana hakuna. Kericho ni kupanda na kushuka. Mama akipanda mlima wa mita 30 na kikapu hicho, kikapu peke yake kimefanyiwa kazi ya jouli 3,600, bila kuhesabu uzito wa mama mwenyewe. Na ule uchovu wa njia tambarare? Ni wa kweli, misuli inakaza na kulegea, mwili unachoma chakula na kutoa joto, ila kikapu hakijapata chochote. Kadi ikaishia hivi: “Nguvu ikisogeza kitu kuelekea upande wake. Kama: kuinua kikapu, kupanda nacho mlima. Si kama: kukishikilia palepale, kwenda nacho tambarare. Neno hili halipimi uchovu wala mshahara.” Sentensi ya mwisho iliandikwa na yule msichana. Sijaibadilisha.

Sasa niseme juu ya utengenezaji wenyewe, kwa sababu wapo wanaoniomba kadi zangu wazitoe kopi, nami huwaambia kwamba kadi zilizotolewa kopi zina nusu ya nguvu. Manila nainunua sokoni, nyeupe, kwa sababu ya rangi inaficha maandishi ya penseli na watoto huandika kwa penseli. Usoni naliandika neno kwa kalamu ya wino mzito. Mgongoni sivuki maneno thelathini. Si kwa sababu ya nafasi. Maelezo yakizidi hapo mtoto hayasomi, anayatazama. Naandika kwa vitenzi kadiri niwezavyo: “wanakula”, “wanaacha”, “inainua”. Kiswahili kinapenda vitenzi, na sayansi ya vitabu inapenda nomino, ubadilishaji wa hiki na ufyonzwaji wa kile. Mtoto akikutana na nomino nne mfululizo anapotea kama mtu aliyeambiwa majina ya vijiji bila kuambiwa njia.

Kiswahili chenyewe kiwe cha hapa. Mimi nilisomea ualimu Mombasa na nilirudi na maneno mazuri ya pwani ambayo huku hayana mteja. Niliwahi kuandika “unyevunyevu hupwa” na hakuna aliyejua bahari inapwa, kwa sababu hakuna aliyeiona bahari. Nikaandika “maji yanapungua” na dunia ikaendelea. Lakini sikubali kushuka hadi Shengi, kwa sababu Shengi ya Sosiot si ya Kapsoit, na kadi inapaswa kuishi zaidi ya muhula mmoja.

Kadi ikikamilika kwa macho yangu, bado si kadi. Namtafuta mtoto wa darasa la chini ambaye hajafundishwa neno hilo, namsomea mgongo tu, naficha uso, namwambia anieleze kwa lugha yoyote nimemwambia nini. Akirudia maneno yangu kama yalivyo, kadi imeshindwa. Akinipa mfano wake mwenyewe, imepita. Kisha nampelekea yule aliyekwisha kufundishwa, namsomea mgongo, naye ataje neno la Kiingereza na aliandike. Njia hizo mbili ni tofauti kabisa. Wapo wanaotoka Kiingereza kwenda Kiswahili wakiteleza kama maji, lakini ukiwageuza wanakwama, na mtihani huwageuza kila mara.

Kuzirudia natumia mpango wa mwandishi Sebastian Leitner, aliyeueleza katika kitabu chake cha mwaka 1972. Boksi la viatu lenye vyumba vitano. Kadi mpya inaingia chumba cha kwanza, kinachosomwa kila siku katika prepu. Ukiijua inasogea chumba cha pili, kinachosomwa kila baada ya siku mbili, na kuendelea hivyo, kila chumba kikisubiri muda mrefu kuliko kilichotangulia. Ukikosea, hata kama kadi ilikuwa chumba cha tano, inarudi cha kwanza. Watoto wanakichukia kipengele hicho cha mwisho na ndicho chenye faida. Kwa kila wiki sizidishi kadi kumi mpya. Nilipojaribu ishirini, kufikia wiki ya tatu chumba cha kwanza kilikuwa kimefura hivi kwamba prepu nzima haikutosha, na wajanja wakaanza kusogeza kadi mbele bila kuzijua. Utawajua: chumba cha tano kimejaa, na kadi zake bado zina kona kali kama zimekatwa jana.

Na kadi zisitangulie somo. Nilijaribu hilo pia, nikidhani nawaandalia njia. Walikuja darasani wakiimba migongo ya kadi kama kwaya, na nilipobadilisha mursik kuwa maandazi hakuna aliyenifuata. Kadi inashikilia kile kilichofundishwa. Haifundishi.

Nilisema kuna maneno ya Kiswahili yaliyo hatari. Lipo moja lililowagharimu watoto wangu alama nyingi kuliko istilahi zote za biolojia, na halimo kwenye orodha ya istilahi. Ni “eleza”. Mtihani wa Kiingereza una amri mbili, diskraib na eksplen, na mtoto wetu akizitafsiri kichwani zote mbili zinaangukia hapo hapo. Swali lilisema eksplen kwa nini jani la chai lililokatwa hubadilika rangi. Kijana mmoja hodari akaandika vizuri sana kwamba huwa kijani, kisha linakuwa la rangi ya shaba, kisha baada ya kukaushwa linakuwa jeusi. Kila neno lilikuwa la kweli, na nilimpa sufuri. Alieleza alichoona. Hakueleza kwa nini. Hakutaja seli kupasuka, hakutaja kimeng'enya wala oksijeni.

Kwa hiyo tuna kadi tatu zenye mpaka mwekundu, na hizo haziondoki chumba cha kwanza mwaka mzima. Steiti: “Taja. Mstari mmoja, usitoe sababu.” Diskraib: “Simulia unachoona, kwa mpangilio.” Eksplen: “Sema kwa nini. Jibu lako liwe na ‘kwa sababu’ ndani yake.” Ni kadi zisizo na sayansi hata kidogo, na kama ningeambiwa nichome boksi zima nibakize tatu, ningebakiza hizo.

Kijana yule aliyepata sufuri alinijia baada ya kipindi na kadi ya kimeng'enya mkononi. Jina hilo nalisifu kila nipatapo nafasi, kwa sababu limetoka kwenye kumeng'enya, na mtoto analiona tumboni papo hapo: kitu kinachovunjavunja chakula. Niliandika hivyo mgongoni, kinavunja. “Mwalimu,” akasema, “kwenye chai hakivunji. Mzee wa kiwandani amesema kinaunganisha, ndiyo maana rangi inakolea.” Nikamwangalia. Alikuwa sahihi. Polifenoli ndogo zinashikana kuwa kubwa, na hizo kubwa ndizo zenye ile rangi ya kikombe. Vimeng'enya vinavunja na vinajenga pia, na jina zuri la Kiswahili limetaja nusu ya habari.

Kadi hiyo iko mezani kwangu sasa. Nimekata “kinavunja” kwa mstari mmoja wa penseli, na juu yake nimeandika maneno matatu tofauti na kuyafuta yote matatu. Kesho ni zamu yake yule kijana kukaa na mimi. Ameahidi kuja na neno la Kikipsigis alilolipata kwa bibi yake, la kuunga uzi uliokatika, tuone kama linafaa.